Mtoto Asiyepumua Hasubiri Alama: Maswali na Majibu Kuhusu Dakika ya Kwanza

"Kwenye kadi ya mwanangu wameandika 6/10 na 9/10. Hizo ni alama za nini?"

Ni alama za Apgar, ambazo zilibuniwa mwaka 1952 na Dk. Virginia Apgar, daktari wa usingizi wa jijini New York. Mtoto hupimwa anapotimiza dakika moja tangu kuzaliwa, kisha anapotimiza dakika tano. Mhudumu huangalia mambo matano, yaani mapigo ya moyo, upumuaji, ukakamavu wa misuli, namna mtoto anavyoitikia anapoguswa, na rangi ya mwili, na kila jambo hupewa 0, 1 au 2. Jumla ya 7 hadi 10 inaonyesha kwamba mtoto yuko vizuri, 4 hadi 6 kwamba hali yake si ya kuridhisha, na 3 kushuka chini kwamba hali ni mbaya. Mwanao alianza kwa shida kidogo, akaitikia vizuri. Usisikitike kwamba hakupata 10, kwa sababu watoto wengi wenye afya njema hukatwa alama moja kwa kuwa viganja na nyayo zao huwa bado zina rangi ya samawati katika dakika hizo. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi, rangi huangaliwa kwenye ulimi na ndani ya midomo. Ngozi peke yake inaweza kumdanganya hata mkunga mzoefu.

"Mtoto akizaliwa bila kulia, tunasubiri dakika moja itimie ili tumpe alama kwanza, ndipo tujue la kufanya?"

Hapana. Swali hili naulizwa na wanafunzi, na wakati mwingine na wahudumu waliokwisha kuhitimu, na kila mara jibu ni hilohilo: hapana. Alama ya dakika ya kwanza hueleza mtoto alikuwa katika hali gani, na haikuwekwa ili iamue kama asaidiwe. Mtoto asiyepumua anatakiwa awe amekwisha kupuliziwa hewa kabla ya sekunde 60 kutimia. Ukisubiri hesabu ya alama, saa ya kumsaidia imekupita.

Mpangilio wa kazi katika dakika hiyo ni mfupi. Mtoto anapotoka, mlaze juu ya tumbo la mama kwenye kitambaa kikavu, umfute kwa nguvu ya wastani kichwani, mgongoni, kifuani na kwenye miguu na mikono, kisha uondoe kile kitambaa kilicholowa, kwa sababu kumwacha amefunikwa kitenge chenye majimaji ni kumpoza. Unapomfuta unatazama jambo moja tu, nalo ni kama analia au anapumua. Ikiwa hapumui, weka kichwa chake sawa ili njia ya hewa iwe wazi, safisha kinywa kwanza na pua baadaye, tena pale tu unapouona uchafu unaoziba, na umsugue mgongo mara mbili tatu. Bado hapumui? Bana na ukate kitovu, mpeleke kwenye meza yenye joto, mwekee barakoa na uanze kufinya mfuko wa hewa, kiasi cha mara 40 kwa dakika. Ile desturi nzuri ya kusubiri dakika moja hadi tatu kabla ya kukata kitovu ni ya mtoto anayepumua.

"Kwa nini haraka yote hiyo? Si wapo watoto wanaozinduka wenyewe baada ya kusuguliwa kidogo?"

Wapo, na ndio wanaotuponza. Mtoto aliyepungukiwa na hewa akiwa tumboni hupitia hatua mbili. Katika ile ya kwanza ameacha kupumua lakini moyo wake bado una nguvu, na ukimfuta na kumsugua huanza kupumua. Katika ile ya pili, hata ungemsugua hadi ngozi ichubuke, hatapumua, na mapigo ya moyo yataendelea kushuka mpaka hewa iingizwe kwenye mapafu. Watoto wa hatua hizi mbili wakiwekwa mezani, macho yako hayawezi kuwatofautisha, kwani wote wamelegea na wote wamenyamaza. Kwa hiyo aliyesuguliwa kwa sekunde chache bila kuitikia achukuliwe kuwa yuko katika hatua ya pili, na apuliziwe hewa.

Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, na kuchapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kupulizia hewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufariki au kulazwa kwa muda mrefu. Ni sekunde 30 tu, ambazo hupotea kwa kutafuta barakoa kabatini wakati mama anasukuma. Barakoa na mfuko viwe vimejaribiwa na kuwekwa mezani kabla kichwa cha mtoto hakijaonekana.

"Mwanangu alikuwa anavuta pumzi mojamoja kwa mbali, wakasema anapumua. Je, walikosea?"

Pumzi za kutweta, moja sasa na nyingine baada ya kimya kirefu, si kupumua. Ni dalili ya mtoto anayezidiwa, na anahesabiwa sawa na yule asiyepumua kabisa. Mtoto anayepumua kifua chake hupanda na kushuka mfululizo. Hapa ndipo ninapoona ucheleweshaji mwingi: mtu anasema "ametoa pumzi, tumwangalie kidogo," na huko kumwangalia kunakula dakika tatu. Vivyo hivyo, mrija wa oksijeni uliowekwa karibu na pua ya mtoto asiyevuta hewa haumsaidii, kwa sababu hewa isiyovutwa haifiki kwenye mapafu. Anahitaji kusukumiwa hewa, na kwa mtoto aliyetimiza miezi, hewa ya kawaida iliyomo chumbani inatosha kuanzia.

"Bibi zetu walikuwa wanamning'iniza mtoto miguu juu na kumpiga makofi, au kumwagia maji baridi. Kuna ubaya gani?"

Kuna ubaya mkubwa, na kwa heshima zote kwa bibi zetu, naomba mambo haya yakome. Maji baridi humpoza mtoto ambaye tayari hana nguvu ya kutunza joto lake. Kumpiga, kumkamua kifua na kumning'iniza kunaweza kumjeruhi, wala hakuingizi hewa hata kidogo. Nao wahudumu wana desturi yao yenye madhara, ambayo ni kuingiza mrija wa kunyonya uchafu hadi kooni na kurudia tena na tena. Mrija unaogusa nyuma ya koo huweza kushusha mapigo ya moyo papo hapo, na muda wote huo mtoto hajapewa hewa. Hata pale maji ya uzazi yalipochanganyika na kinyesi cha mtoto, mtoto anayelia hahitaji kunyonywa.

"Ninafinya mfuko lakini mtoto habadiliki. Tatizo liko wapi?"

Tazama kifua kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Kama hakiinuki unapofinya, hewa haiingii, hata kama mkono wako umechoka kwa kufinya. Mara nyingi barakoa inavuja ubavuni mwa pua, au ni kubwa kiasi cha kufunika macho. Inatakiwa ifunike kidevu, kinywa na pua tu. Iweke upya, kisha ukirekebishe kichwa, kwani shingo iliyokunjwa huziba njia ya hewa, na shingo iliyorudishwa nyuma kupita kiasi huiziba vilevile. Angalia kama kuna uchafu kinywani, fungua kinywa kidogo, na mwishowe finya kwa nguvu zaidi mpaka kifua kiinuke kwa wepesi kama cha mtoto anayepumua mwenyewe.

Chukua mfano wa mtoto wa kilo 3.1 anayezaliwa amelegea. Hadi sekunde ya 30 amekwisha kufutwa na kusuguliwa, na hapumui. Sekunde ya 50 barakoa iko usoni. Anapotimiza dakika moja, msaidizi anashika kitovu karibu na tumbo na kuhesabu mapigo 80 kwa dakika: moyo 1, upumuaji 0, misuli iliyokunjika kidogo 1, kukunja uso anapoguswa 1, rangi 0. Jumla ni 3. Anayefinya mfuko hakusimama kusikiliza jumla hiyo. Kifua kilikuwa hakiinuki, barakoa ikawekwa upya, kikaanza kuinuka. Dakika ya pili mapigo yamevuka 100, ya tatu mtoto anakohoa, ya nne analia. Anapotimiza dakika tano moyo ni 2, upumuaji 2, misuli 1, mwitikio 1, rangi 1, jumla 7. Kama ingekuwa chini ya 7, angepimwa tena kila baada ya dakika tano mpaka dakika ya 20, huku huduma ikiendelea.

"Nikijifungulia njiani au nyumbani, na mtoto hapumui, nani atampulizia?"

Aliye karibu nawe. Mtoto afutwe hadi akauke, afunikwe nguo kavu pamoja na kichwa, asuguliwe mgongo. Kama bado hapumui, mtu aweke kinywa chake juu ya kinywa na pua ya mtoto kwa pamoja, apulize hewa kidogo tu, ile inayojaa mashavuni, kiasi cha kuinua kifua, na aendelee hivyo huku safari ya kituo cha afya ikifanyika. Msisimame kutafuta wembe wa kukata kitovu wala uzi wa kukifunga.

"Mwanangu alipata 4 dakika ya tano. Ina maana atakuwa na mtindio wa ubongo?"

Alama peke yake haiwezi kusema hivyo, na asiwepo mhudumu wa kukuambia hivyo kwa kutazama kadi tu. Alama ikibaki chini kwa muda mrefu hatari huongezeka, lakini watoto wengi waliopata alama ndogo hukua vizuri. Tunachohitaji kujua kiko katika siku chache za mwanzo: je, ananyonya kwa nguvu, analegea au anakakamaa, amepata degedege, anasinzia kiasi cha kutoamka kunyonya? Mtoto aliyepuliziwa hewa asiruhusiwe kwenda nyumbani haraka kwa sababu tu sasa analia. Na wewe mama, ukiona anatafunatafuna bila kitu kinywani, anapiga miguu kama anayeendesha baiskeli, anakodoa macho upande mmoja, au anaacha kupumua kwa muda, mrudishe hospitalini saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, na useme tangu mlangoni kwamba alizaliwa bila kupumua.