Picha 26 za Mfuko Mmoja wa Kahawa

Mwaka jana nilitengeneza mudibodi, yaani ubao wa picha za kuongoza muundo wa mfuko, kwa ajili ya mteja anayekaanga kahawa ya Nyeri katika karakana ndogo hapa Nairobi, na aliyetaka kuiuza katika mifuko ya gramu 250. Nilikusanya picha 26: mashamba yenye ukungu, michoro ya matatu, kanga, maandishi ya rangi ya mafuta kwenye kuta za vioski, vikombe vyeupe juu ya meza tupu. Alipoziona alisema, "Dada, zote ni nzuri, hata sijui nitoe ipi." Nilifurahia maneno hayo, ilhali ndiyo yaliyokuwa dalili ya tatizo. Miundo mitatu niliyochora kutokana na ubao ule aliikataa yote, wala hakuweza kueleza sababu, kwa kuwa ubao wenyewe ulikuwa haujakataa chochote.

Nilirudi mwanzo. Nilichapisha picha zote, nikazitandaza mezani, na chini ya kila moja nikaandika sentensi inayoanza na neno "nachukua". Chini ya ukuta wa kioski niliandika: nachukua herufi nene za brashi, zenye kivuli upande mmoja tu. Chini ya kanga: nachukua jinsi pindo linavyouzunguka mji, likaiacha sehemu ya katikati itulie. Kwenye picha ya matatu nilikaa muda mrefu na kalamu mkononi, nisiweze kuandika lolote isipokuwa kwamba inavutia. Mchoraji wa matatu huwa na ubavu mzima wa gari wa kujaza, na uzuri wa kazi yake unatokana na huko kujaa. Mfuko wenye upana wa kiganja hauna pa kuuweka. Picha kumi na moja ziliondoka kwa namna hiyo. Nyingine nilizipenda sana, lakini mapenzi yangu hayamwelekezi mtu atakayechora.

Zilizobaki 15 zilijigawa zenyewe makundi mawili. Kundi moja lilikuwa na herufi nene, rangi bapa na mistari ya mkono. Jingine lilikuwa na nafasi tupu, herufi nyembamba na kijivu cha ukungu. Kila kundi lingeweza kuzaa mfuko mzuri, ila si mfuko uleule, na miundo yangu mitatu ilikuwa imeshindwa kwa sababu nilijaribu kuyapatanisha: herufi za kioski nikazipunguza unene ili ziuachie ukungu nafasi, zikawa si hili wala lile. Uamuzi haukutoka kwenye picha, bali kwenye maelezo ya kazi. Kahawa ingeuzwa katika maduka ya mitaani, ambako mteja husimama mbele ya kaunta na kuagiza kwa kuonyesha kidole bidhaa iliyo kwenye rafu nyuma ya muuzaji. Kwa umbali huo herufi nyembamba hupotea. Tulibaki na kundi la kwanza, picha saba tu.

Hapo nilifanya jaribio ambalo sasa siliruki katika kazi yoyote. Nilichomeka kati ya zile saba picha moja ya kikombe cheupe, kisha nikamwita mteja bila kumwambia lolote. Aliigusa ile ile kwa kidole mara moja na kuuliza imefikaje pale. Kwenye ubao wa kwanza kikombe hicho hicho kilikaa wiki mbili bila mtu kukishuku. Mgeni anapotambulika, kuna utaratibu unaowaunganisha wenyeji. Asipotambulika, hizo ni picha zilizolundikwa pamoja.

Hata hivyo, jaribio hilo halikutosha. Nilimpa mbunifu mwenzangu zile picha saba bila maelezo, nikamwomba achore bango dogo la kahawa ile. Herufi alizipata, kivuli na pindo pia, lakini rangi zake zilikuwa nyekundu na njano kali, ambazo sisi hatukuzikusudia. Kosa halikuwa lake. Kuta za vioski katika picha zangu zilipakwa rangi nyeupe kwanza, na mimi nilikuwa nikiziangalia kwenye skrini inayotoa mwanga. Mfuko wetu ulikuwa wa karatasi ya kaki. Karatasi hiyo hunywa wino, na kwa kuwa wino wa kawaida wa chapa hupitisha mwanga, hudhurungi ya chini hujitokeza: njano huwa kama haradali, na nyeupe haipatikani kabisa mpaka ulipie wino mweupe wa peke yake.

Nilikwenda kwa mpiga chapa, nikamwomba achape viraka vya rangi sita juu ya kaki. Tulichagua viwili, nyeusi na nyekundu iliyokolea, nikavikata kwa mkasi na kuvibandika ubaoni, nikiziondoa picha mbili ambazo nguvu yake yote ilikuwa kwenye weupe wa ukuta. Mwenzangu alichora tena, na safari hii bango lake na mfuko wangu ungeweza kuviweka kwenye rafu moja vikaonekana vya nyumba moja.