Kuriseti simu si kutoa akaunti: dhana nne za wanaouza simu zao

Dhana: simu ikisharisetiwa, akaunti nayo imeondoka.

Hii ndiyo inayoumiza watu kuliko zote. Shemeji yangu wa Morogoro aliuza simu yake ya Android kwa kijana wa Dodoma. Kabla ya kumkabidhi aliizima, akabonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha sauti mpaka ikatokea ile menyu yenye mandhari nyeusi, akachagua `Wipe data/factory reset`. Simu ikawaka mpya kabisa. Usiku kijana akapiga: "Dada, simu inadai imeili yako, haipiti."

Ukweli ni kwamba tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu yenye akaunti ya Google na loki ya skrini ina kinga dhidi ya wizi. Ukiifuta kwa vitufe, haina namna ya kujua kama ni mwenyewe au mwizi aliyeikwapua kituoni. Basi ikiwaka na kupata intaneti, inamtaka anayeishika aingize akaunti iliyokuwamo. Baadhi ya simu hukubali pia PIN ya zamani. Simu ya shemeji haikutoa nafasi hiyo.

Shemeji alikuwa amesahau nenosiri, akalibadilisha usiku uleule. Simu ikakataa tena, kwa sababu Google hutaka saa 24 zipite baada ya nenosiri kubadilishwa. Alifanya jambo moja la busara: hakumtajia mtu nenosiri kwa simu. Simu ikarudi Morogoro kwa basi, akaingia mwenyewe kwa mkono wake, na gharama ya kutuma ikawa juu yake.

Njia sahihi inaanzia ndani ya simu ikiwa bado inafunguka. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, uiondoe akaunti ya Google na ya kampuni ya simu kama ipo. Ondoa loki ya skrini. Ndipo uchague `Factory data reset` humohumo kwenye mipangilio. Ikishawaka, iunganishe na waifai uone kama inapita bila kudai akaunti yoyote. Ikipita, izime, iko tayari. Kwa aifoni, gusa jina lako juu ya mipangilio, chagua `Sign Out` na uweke nenosiri la Apple, kisha `Erase All Content and Settings`. Aifoni ina nafuu moja: kama ilishaondoka mikononi mwako, unaweza kuitoa kwenye akaunti yako ukiwa mbali kupitia `iCloud.com/find`.

Dhana: futa kwanza picha zote moja moja.

Usifanye hivyo akaunti ikiwa bado imo. Kama picha zako huhifadhiwa Google Photos au iCloud, ukiifuta picha kwenye simu inaweza kufutika na kule pia, na utaikosa hata kwenye simu mpya. Hakikisha zimepanda zote, tunza nakala ya WhatsApp, hamisha programu inayokupa namba za siri za kuingilia akaunti nyingine, kisha toa akaunti na uache riseti ifanye kazi ya kufuta. Memori kadi na laini chomoa kwa mkono. Riseti ya kawaida huiacha kadi na kila kilichomo.

Dhana: fundi atazirudisha picha zako hata baada ya riseti.

Kwa simu za zamani sana hofu hiyo ilikuwa na msingi. Simu za miaka ya karibuni huandika data kwa mafumbo, na riseti huutupa ufunguo wake. Kinachobaki ndani hakisomeki.

Dhana: betri ikijaa 100% ni nzima.

Asilimia hiyo inaonyesha chaji iliyomo sasa, haionyeshi betri imechakaa kiasi gani. Ni kama ndoo iliyopungua ukubwa: bado utaijaza pomoni, ila maji ni machache. Kwenye aifoni angalia `Maximum Capacity` katika sehemu ya betri. Ikiwa chini ya 80%, mnunuzi anayejua ataitoa kwenye bei. Android nyingi hazionyeshi namba hiyo, kwa hiyo ipime kabla ya kuriseti. Ijaze, weka mwanga nusu, cheza video saa nzima, uandike imeshuka kiasi gani. Kisha iache ishuke zaidi. Ikizima ghafla ikiwa bado inasema 20%, betri imechoka, na mwambie mnunuzi hivyo kabla hajatoa hela.

Iweke pia kifudifudi mezani. Ikiyumba, au kioo kimeanza kuinuka pembeni, huenda betri imevimba. Hiyo usiichaji wala usiitume kwa basi. Ipeleke kwa fundi aitoe kwanza.