Kubadili kifurushi katikati ya mwezi: kwa nini ankara inakuja na kiasi cha ajabu

Umezoea kukatwa 3,000 kila mwezi. Kifurushi ulichohamia kinauzwa 7,500. Ankara inayofuata inakuja na 9,000. Kiasi hicho si bei ya zamani wala bei mpya, na wengi wakikiona huandika malalamiko papo hapo. Mara nyingi hesabu iko sawa, ila ankara moja imebeba vipindi viwili: siku zilizobaki za mwezi uliopita, na mwezi mzima unaoanza.

Chanzo ni kwamba huduma nyingi za usajili hulipiwa kabla ya kutumika. Ankara ya tarehe 1 Juni inalipia kuanzia siku hiyo hadi mwisho wa Juni. Ukibadili kifurushi tarehe 21, zimebaki siku 10 ambazo umeshazilipia kwa bei ya chini, lakini sasa unazitumia kwenye kifurushi cha juu. Muuzaji hawezi kukutoza 7,500 nzima kwa siku 10, na hataki kukupa siku hizo kwa bei ya zamani. Kwa hiyo anagawa malipo kwa uwiano wa muda: anakurudishia thamani ya siku ambazo hukuzitumia kwenye kifurushi cha zamani, kisha anakutoza siku hizohizo kwa bei ya kifurushi kipya.

Juni ina siku 30, na siku 10 ni theluthi moja ya mzunguko. Theluthi ya 3,000 ni 1,000. Hiyo ni haki yako, inarudi. Theluthi ya 7,500 ni 2,500, hiyo unadaiwa. Tofauti ni 1,500.

```
tofauti = (bei mpya - bei ya zamani) x siku zilizobaki / siku za mzunguko
        = (7,500 - 3,000) x 10 / 30
        = 1,500
```

Sasa linakuja jambo linalowachanganya watu zaidi ya hesabu yenyewe. Mifumo mingi ya malipo haikati hiyo 1,500 siku unapobadili. Inaiweka pembeni mpaka ankara ya kawaida ifike. Tarehe 1 Julai inatoka ankara yenye mistari mitatu: toa 1,000, ongeza 2,500, ongeza 7,500 za Julai nzima. Jumla ni 9,000. Ankara ya Agosti itarudi kuwa 7,500 kavu, na itaendelea hivyo mpaka ubadili tena.

Ankara zinazotolewa na mfumo wa Stripe, ambao biashara nyingi za mtandaoni huutumia, huandika mistari miwili ya kwanza kwa maneno haya:

```
Unused time on ... after 21 Jun
Remaining time on ... after 21 Jun
```

Ukiisoma haraka utadhani inazungumzia vipindi viwili tofauti. Hapana, ni siku zilezile 10. Wa kwanza unataja kifurushi ulichokiacha na una alama ya kutoa mbele ya kiasi. Wa pili unataja kifurushi ulichohamia na ni deni. Mstari wenye alama ya kutoa ndio wa kuutafuta kwanza. Kama ankara ya Julai ingesomeka 10,000 badala ya 9,000, maana yake ni kwamba 2,500 imeongezwa na ile 1,000 yako haikurudishwa. Hapo una sababu ya kudai, na unajua kabisa unadai kiasi gani.

Si kila muuzaji hufuata njia hii. Wapo wanaokata tofauti siku ileile: 1,500 tarehe 21 Juni, kisha 7,500 tarehe 1 Julai. Pesa ni ileile, imegawanyika tu. Wengine huanzisha mzunguko mpya siku ya kubadili: unatozwa 7,500 ukiondoa 1,000, yaani 6,500, na tarehe yako ya kulipa inahamia 21 ya kila mwezi. Ndiyo kawaida unapotoka kifurushi cha mwezi kwenda cha mwaka, kwa sababu mizunguko ya urefu tofauti haiwezi kuendelea kwa pamoja. Njia ya kuzitofautisha ni kuangalia tarehe ya malipo yanayofuata kwenye akaunti. Ukiona ulikatwa 6,500 tarehe 21 Juni, kisha tarehe 1 Julai ukakatwa 7,500 nyingine bila mstari wowote wa kutoa, mifumo miwili imegongana na umelipia siku 20 mara mbili.

Hata ukipiga hesabu vizuri unaweza kupata tofauti ndogo na ya muuzaji. Kuna wanaohesabu kwa siku nzima na kuna wanaohesabu kwa sekunde. Kwa sekunde, kubadili tarehe 21 saa sita mchana kunabakiza siku 9 na nusu, si 10: unarudishiwa 950, unatozwa 2,375, tofauti inakuwa 1,425. Urefu wa mwezi nao una mchango wake. Siku 10 za Julai, mwezi wa siku 31, zingetoa 1,451.61 badala ya 1,500. Na usishangae ankara ikiandika tarehe 20 wakati ulibadili usiku wa kuamkia 21; seva inaweza kuwa inafuata saa za dunia, si za ukutani kwako.

Punguzo ndilo linalozaa ugomvi wa kweli. Kinachorudishwa ni thamani ya ulichokilipa, si bei ya kwenye tangazo. Kama Juni ulikuwa na punguzo la nusu na ukalipa 1,500, theluthi yake ni 500, wala huwezi kudai 1,000. Kwa mantiki hiyohiyo, siku za majaribio ya bure hazirudishi chochote. Kinachofaa kuuliza kabla ya kubonyeza ni kama punguzo lenyewe linahamia kwenye kifurushi kipya au linaishia hapo, maana mara nyingi limefungwa kwenye kifurushi kimoja.

Kushuka kifurushi hesabu ni hiyohiyo ikigeuzwa. Kutoka 7,500 kwenda 3,000 tarehe 21 Juni kunakuachia 1,500 upande wako. Usiitegemee irudi kwenye kadi. Kwa kawaida inabaki kama salio ndani ya akaunti, na ankara ya Julai inakuwa 1,500 badala ya 3,000. Wauzaji wengi hukwepa hata hilo kwa kukuacha kwenye kifurushi cha juu mpaka mwezi uishe, kisha ndipo wanakushusha. Ni utaratibu wa haki, mradi umeandikwa wazi: umelipia Juni nzima, unaitumia Juni nzima. Tatizo huja pale huduma za juu zinapofungwa siku ileile ya kushuka na ankara ya Julai haina mstari wa kutoa.

Ukurasa wa kubadili kifurushi mara nyingi huonyesha kiasi cha kulipa kabla hujathibitisha. Piga picha ya skrini hapo, pamoja na tarehe ya malipo yanayofuata. Ukilinganisha picha hiyo na ankara mstari kwa mstari, utamwonyesha mhudumu wa wateja mstari wenye kosa badala ya kumwambia tu kwamba umetozwa kupita kiasi.