Kushuka kwa volti: kwa nini elektrodi inanasa na moto hautulii

Umeme unapopita kwenye waya wowote, sehemu ya volti hupotea njiani. Hiyo ndiyo maana ya kushuka kwa volti. Kinachopotea ni ampia zinazopita zidishwa na ukinzani wa njia, kwa hiyo kwenye taa ya kawaida huwezi kukigundua. Mashine ya kuchomelea ni kitu kingine, maana ampia zake ni 80, 100 au zaidi, na hapo hata ukinzani mdogo sana unauma.

Moto wa elektrodi ya kawaida unahitaji volti 23 hadi 25 hivi ili uwake na kutulia. Hizo ni volti chache. Ukipoteza nne au tano kabla hazijafika kwenye ncha, moto unakuwa dhaifu, unakatika ukiinua mkono kidogo, nawe unalazimika kuisogeza elektrodi karibu mno na chuma. Ikigusa, na nguvu ya kuyeyusha ncha papo hapo haipo, inaganda pale pale.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni klampu ya ethi. Wengi huijali kebo ya holda na kuisahau hii, ilhali ampia zote zinazokwenda kwenye elektrodi lazima zirudi kupitia klampu hiyo. Ukiibana juu ya rangi au kutu, meno yake yanashika chuma kwa nukta chache tu. Tuseme unachomelea kwa ampia 110 na klampu inapoteza volti 4. Hizo ni wati 440 za joto zinazoishia kwenye klampu yenyewe, na ndiyo maana springi yake hulegea na meno kuwa meusi. Kadiri springi inavyolegea, mshiko unazidi kuharibika.

Kupima ni rahisi mkiwa wawili. Weka multimita kwenye volti za DC (au AC kama mashine ni ya transfoma ya kawaida). Ncha moja iguse kichwa cha kebo ya ethi pale inapoingia kwenye mashine, nyingine iguse chuma kitupu cha kazi, kisha mwenzako achomelee. Kwa kebo fupi na nzuri utaona volti moja au mbili. Ukiona tano, endelea kwa kuipima klampu peke yake, yaani toka kwenye shaba ya kebo hadi kwenye chuma. Volti zikiwa hapo, safisha chuma kwa grinda au badilisha klampu. Zisipokuwa hapo, tatizo ni kebo: nyuzi za shaba zimekatika ndani ya mpira, mara nyingi karibu na kichwa, mahali inapokunjwa kila siku. Zima mashine na upapase kebo. Penye ubovu huwa pana joto kuliko kwingine.

Upande wa pili ni umeme unaoingia. Hapa ekstensheni ndiyo mkosaji mkubwa. Chukua ekstensheni ya mita 40 yenye waya wa milimita mraba 1.5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo njia ni mita 80, na ukinzani wake unakaribia omu 0.93. Mashine ikivuta ampia 20, zinapotea volti 18 na ushee. Kama ukutani kulikuwa na 215, mashine inabaki na 196 hivi. Kwa waya wa milimita mraba 4 zingepotea 7 tu. Na ekstensheni isiachwe imeviringwa kwenye roda yake, kwa sababu joto linabaki ndani na mpira unaweza kuyeyuka.

Kosa ninaloliona sana ni kupima volti mashine ikiwa imekaa tu. Bila ampia kupita hakuna kinachoshuka, kwa hiyo multimita itakuonyesha 215 safi nawe utaapa kwamba umeme ni mzima. Pima moto ukiwa unawaka, kwenye tundu la pili la ekstensheni hiyo hiyo. Kisha chomeka mashine moja kwa moja ukutani na upime tena. Volti zikiendelea kuanguka hata hapo, nyaya za jengo ni nyembamba au kuna kiungio kilicholegea, na hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Mashine ya transfoma hulegea papo hapo volti zikishuka. Inveta hujitahidi kufidia kwa kuvuta ampia zaidi ukutani, jambo linaloongeza upotevu kwenye ekstensheni ile ile, hadi inafika mahali inashindwa na moto kukatika ghafla. Kwa hiyo kuongeza ampia kwenye kitufe, ambalo ndilo jambo la kwanza mkono hukimbilia, huweza kuzidisha tatizo.

Njia ikiwa safi pande zote mbili na elektrodi bado inanasa, angalia kama ampia ulizoweka ni ndogo kwa unene wake, au kama elektrodi zimeingia unyevu.