Kutoka slaidi za mhadhara hadi chemsha bongo ya raundi tatu

Ukikaa na slaidi za mhadhara ili utunge maswali, kishawishi cha kwanza ni kuchukua sentensi ya mhadhiri, kufuta neno moja na kuacha nafasi. Maswali ya namna hiyo hutungwa haraka, lakini yanapima kama mtu anaikumbuka sura ya slaidi tu. Mchezaji anajaza neno sahihi bila kujua maana yake, na timu nzima inaondoka ikiamini mada imeeleweka. Kazi hasa ya jioni ya marudio iko hapa, kwenye kugeuza kilichoandikwa kuwa swali linalomlazimisha mtu afikiri.

Tuseme mko watu sita na mna slaidi 36 za somo la moyo na mzunguko wa damu. Undeni timu tatu za watu wawili wawili, kila timu ichukue slaidi 12 na kutunga raundi moja. Timu iliyotunga raundi ndiyo inayoisoma na kusahihisha, na zile mbili nyingine ndizo zinazocheza. Kwa mpangilio huu hakuna anayeshindana kwenye maswali aliyoyatunga mwenyewe, na hakuna anayekaa nje jioni nzima akiwa msomaji.

Kabla ya kutunga, weka kando slaidi ya kichwa, ya yaliyomo na zile zinazorudia jambo lilelile kwa picha nyingine. Kisha tafuta slaidi ya malengo ya somo, kama ipo, uiweke mbele yako. Lengo lisilo na swali ni pengo. Lenye maswali manne linakula nafasi ya mengine.

Kila raundi ina maswali manane na bonasi moja. Manne ya kwanza ni ya kukumbuka, sekunde 20 na alama 1 kila moja. Mawili ni ya mchoro, dakika moja na alama 2. Mawili ya mwisho ni ya "kwa nini", dakika mbili na alama 3. Jumla ni alama 14 bila bonasi. Ukihesabu na muda wa kusahihisha na kubishana, tenga nusu saa kwa raundi.

Sasa tuchukue slaidi moja tuone inavyogeuka. Imeandikwa mambo matatu: ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia, vali ya mitrali iko kati ya aurikali ya kushoto na ventrikali ya kushoto, na kiasi cha damu kinachosukumwa kwa dakika ni mapigo kwa dakika mara ujazo wa damu kwa kila pigo.

Swali la kukumbuka ni jepesi: "Chumba kipi cha moyo kina ukuta mnene kuliko vyote?" Lina jibu moja na halina ubishi. Epuka "Eleza ventrikali ya kushoto", kwa sababu kila jibu litakuwa sahihi kwa kiasi fulani na mtagombana juu ya alama.

Kwa mchoro, nakili slaidi yenye picha ya moyo, funika majina mawili kwa visanduku vyeupe na uandike namba juu ya kila kisanduku. Kila jina ni alama 1. Angalia mistari inayoelekeza kwenye sehemu: kisanduku kikubwa mno hufunika ncha ya mstari, mchezaji akashindwa kujua anaulizwa vali au chumba. Angalia pia kama jina lile halijaandikwa tena kwenye maelezo chini ya picha.

Swali la "kwa nini" ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, na ndilo gumu kusahihisha. "Kwa nini ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia?" Andika mwongozo wa alama kabla ya mchezo: alama 1 kwa kusema ya kushoto inasukuma damu mwili mzima, alama 1 kwa kusema ya kulia inasukuma hadi mapafuni tu, alama 1 kwa kutaja kwamba shinikizo la upande wa kushoto ni kubwa zaidi. Bila mwongozo, msahihishaji huishia kumpa alama mwenye maneno mengi. Andika pia jibu baya unalolitarajia. Hapa ni "kwa sababu inasukuma damu nyingi zaidi". Linasikika sawa, lakini si kweli: kwenye moyo wenye afya, ventrikali zote mbili husukuma kiasi kilekile cha damu kwa wastani, maana damu yote inayotoka kulia hupitia mapafuni na kurudi kushoto.

Kosa hilo ndilo linalotupatia bonasi. "Moyo unapiga mara 75 kwa dakika, na ventrikali ya kushoto inatoa mililita 70 kila pigo. Ventrikali ya kulia inatoa kiasi gani kwa dakika?" Jibu ni 75 × 70, yaani mililita 5250, au lita 5.25. Anayejua fomula peke yake atasita, na anayejua namna damu inavyozunguka atajibu moja kwa moja. Lakini bonasi hii lazima ije kabla ya swali la "kwa nini", kwa sababu masahihisho ya swali lile yanataja jibu lake. Soma raundi yako yote kwa mpigo mmoja ukitafuta uvujaji wa namna hii, maana hutokea mara nyingi pale maswali mawili yanapotoka slaidi moja.

Bonasi ichezwe kwa dau. Msomaji anataja mada tu, kila timu inaandika dau la 0 hadi 3, kisha swali linasomwa. Ukipata unaongezewa dau lako, ukikosa unapunguziwa. Dau linaonyesha mahali ambapo timu inajiamini bila kujua, na kikomo cha 3 kinazuia swali moja lisipindue raundi nzima. Kwingineko sikati alama kwa jibu baya. Nataka watu wajaribu, kwa sababu anayeogopa kukatwa huacha karatasi tupu.

Majibu yote yaandikwe na karatasi ziinuliwe pamoja. Mkiruhusu wa kwanza kupiga kelele ajibu, mwenye kasi atajibu kila kitu na wengine wataacha kufikiri mara tu wanaposikia sauti yake.

Timu inayosahihisha isiachwe na sifuri. Ipe wastani wa alama za timu mbili zilizocheza. Zikipata 12 na 9, wasahihishaji wanaandikiwa 10.5. Ndivyo raundi ngumu inavyokosa kumwonea yeyote, na hakuna faida ya kutunga maswali mepesi au magumu kupita kiasi.

Kando ya kila jibu andika namba ya slaidi. Ubishi ukizuka, fungua slaidi hiyo, soma, amua, endelea. Kama slaidi yenyewe haieleweki, futeni swali kwa timu zote na mliandike kwenye orodha ya kumuuliza mhadhiri. Maswali ambayo timu zote mbili zimekosa yawekewe alama ya nyota, na siku mbili baadaye kila mmoja ayajibu peke yake kwa maandishi kabla ya kufungua slaidi zake.