Mzee mmoja, sababu mbili za oksijeni kushuka

Oksimita ikionyesha namba mbaya, wengi wetu hukimbilia kuongeza oksijeni, na hawakosei. Ila namba ile haisemi tatizo liko wapi. Mwanafunzi akiniuliza afungue lita ngapi, mimi humuuliza kwanza: mgonjwa anapumua mara ngapi kwa dakika?

Ninayependa kumfundishia ni mzee wa miaka 62 aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo hapa Kisumu. Jioni ya kwanza, baada ya mofini, alikuwa amelala fofofo, mboni za macho zimebana, anapumua mara 8 kwa dakika, oksimita asilimia 72. Damu ya ateri iliyochukuliwa kabla hajawekewa oksijeni ilitoa oksijeni 45 na kabonidioksidi 64, kwa milimita za zebaki. Tukakadiria oksijeni iliyomo ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni kama 665, si 760 ya vitabuni. Hapa PAO2 ni oksijeni ya kwenye vifuko, FiO2 ni sehemu ya oksijeni katika hewa anayovuta, Pb ni kanieneo ya hewa, 47 ni kanieneo ya mvuke wa maji mapafuni, PaCO2 ni kabonidioksidi ya damu, na 0.8 ni uwiano wa kabonidioksidi inayotoka mwilini kwa oksijeni inayoingia:

```
PAO2 = FiO2 × (Pb − 47) − PaCO2 ÷ 0.8
     = 0.21 × (665 − 47) − 64 ÷ 0.8
     = 130 − 80 = 50
```

Kwenye vifuko 50, kwenye damu 45. Tofauti ni 5 tu, na kwa umri wake hata 20 isingenishtua. Kwa hiyo mapafu yanapitisha oksijeni vizuri. Kinachokosekana ni pumzi yenyewe. Kabonidioksidi imejaa kwenye vifuko na kuchukua nafasi ya oksijeni. Angekuwa Nakuru, kwenye mwinuko zaidi na kanieneo ya kama 610, kabonidioksidi ileile ingemwachia 38 tu kwenye vifuko.

Hapa ndipo penye mtego. Mwekee lita 2 za puani, hewa anayovuta ifike asilimia 28 hivi, na hesabu inaruka hadi 93. Oksimita itasoma zaidi ya 90, sista ataridhika, na kabonidioksidi itabaki 64 au kuendelea kupanda hadi mgonjwa asiamke. Mzee alipewa oksijeni, ndiyo, lakini kilichomtibu ni naloksoni, dawa inayozima nguvu ya mofini, kidogo kidogo kwenye mshipa mpaka pumzi ikafika 14.

Siku ya tatu namba zikashuka tena, na mtu akadhani ni mofini ileile. Safari hii mzee alikuwa macho, ana homa, anahema mara 34 kwa dakika. Oksimita 85, oksijeni ya damu 48, kabonidioksidi 30. Ukirudia hesabu, 130 toa 37.5 ni karibu 92, kwa hiyo tofauti ni 44. Anapumua kupita kiasi na bado oksijeni haifiki kwenye damu. Kasoro sasa imo ndani ya mapafu.

Imebaki kuchagua kati ya mawili. Katika pumu au mkamba sugu, sehemu fulani hupata damu nyingi na hewa kidogo, lakini njia haijafungwa kabisa. Oksijeni ya ziada hupenya polepole, na kwa kawaida lita 2 hadi 4 hutosha kupandisha namba, mradi umpe dakika kadhaa kabla ya kuhukumu. Mzee tulimpa lita 15 kwa barakoa yenye mfuko, tukasubiri dakika 10. Namba ilipanda hadi 88 ikagoma.

Kugoma huko ndiko alama ya shanti: damu inapita kwenye sehemu ya pafu isiyoingia hewa hata kidogo. Chukulia asilimia 30 ya damu inapita huko ikiwa bado na ujazo wa oksijeni wa asilimia 60 ilioutoa kwenye vena, na 70 inapita sehemu nzima na kujaa 100. Ukichanganya, 18 na 70 ni 88. Kuongeza oksijeni hakusaidii kitu, kwani ile damu nzuri haina nafasi ya kubeba zaidi, na ile mbaya haikutani nayo. Ukichunguza hesabu hiyo utaona pia kwa nini upungufu wa damu au mshtuko humzidishia mgonjwa wa aina hii: ujazo wa vena ukishuka hadi 40, jibu linakuwa 82 bila pafu kubadilika.

Upande wa kushoto chini, mgongoni, palikuwa pazito kwa kugonga, na sauti ya pumzi haisikiki. Tukamlaza kwa ubavu wa kulia, pafu zima likiwa chini ili mvuto upeleke damu huko, na oksimita ikapanda hadi 92 bila kugusa oksijeni. Picha ya eksirei ilionyesha sehemu ya chini ya pafu la kushoto imesinyaa. Mtaalamu wa fiziotherapia alimkohoza na kumgonga kifua mpaka akatoa donge la makohozi, na jioni alitosheka na lita 3.

Tahadhari moja: tofauti ya vifuko na damu huongezeka yenyewe mtu akiwa kwenye oksijeni nyingi. Chukua sampuli kabla ya kuiwasha, lakini ikiwa hali ya mgonjwa hairuhusu, usimwache bila oksijeni kwa ajili ya hesabu. Pumzi, kifua na jinsi namba inavyojibu lita unazoongeza vitakupeleka karibu kabisa na jibu.