Insha ya kozi inapogeuka sura ya kitabu: swali la mhadhiri hujificha wapi?

Kila ninapohariri kitabu cha makala za waandishi mbalimbali, huletewa sura moja au mbili zilizozaliwa darasani. Mwandishi ameshafuta jina la kozi, namba ya usajili na jina la mhadhiri, ameongeza kurasa kadhaa, akatuma. Hata hivyo nikisoma aya mbili tu naitambua. Kinachoifichua ni swali. Insha ya kozi hujibu swali lililotungwa na mtu mwingine, na ukilifuta swali hilo kwenye ukurasa wa kwanza, alama zake hubaki zimetapakaa ndani.

Tuchukue mfano. Swali la mhadhiri lilikuwa hivi: "Kwa kutumia nadharia ya Goffman, jadili mwingiliano wa watu katika taasisi moja." Mwanafunzi akaenda kuketi kwenye chumba cha kusubiria cha kliniki, akaandika aliyoyaona, akapata alama nzuri. Sasa umetoka wito wa makala za kitabu kuhusu kusubiri, naye anaona insha yake inafaa. Ina maneno 3,000 hivi. Wahariri wanataka kati ya 6,000 na 8,000. Aya yake ya pili inasomeka hivi:

"Katika kozi hii tumejifunza kwamba Goffman (1959) ni mwanasosholojia muhimu aliyeyalinganisha maisha ya jamii na tamthilia. Kama tulivyoona katika mhadhara wa wiki ya nne, kuna jukwaa la mbele na jukwaa la nyuma. Katika insha hii nitajaribu kuonesha kwamba dhana hizi zinajitokeza pia kwenye kliniki."

Kazi nyepesi imalizwe kwanza. Andika kwenye kisanduku cha kutafutia maneno "kozi", "insha", "mhadhara", "wiki", "muhula", "darasa", "tumejifunza" na "swali", kisha pitia moja moja yanakojitokeza. Usiyabadilishe yote kwa mkupuo, maana "wiki" au "swali" huenda likawa sehemu ya data yako. Nusu saa inatosha, na wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Aya yetu ikisafishwa hivyo tu, itasema kwamba Goffman ni muhimu, kwamba kuna majukwaa mawili, la mbele ambako mtu huigiza mbele ya hadhira na la nyuma ambako hujiandaa bila kuonekana, na kwamba majukwaa hayo yapo pia kliniki. Msomaji wa kitabu atauliza: sawa, kwa hiyo?

Mhadhiri hakuuliza hivyo, kwa sababu alichotaka ni ushahidi kwamba mwanafunzi ameielewa nadharia. Ndiyo maana kurasa tatu kati ya kumi zinamweleza Goffman, na chumba cha kusubiria kinaingia baadaye kama mfano. Kwenye kitabu mpangilio huo hupinduliwa: chumba ndicho hoja, Goffman ni chombo. Mimi humwambia mwandishi apitie sentensi moja baada ya nyingine na kujiuliza, hii ikikosekana nani atalalamika? Kama atakayelalamika ni mhadhiri peke yake, iondoke. Kurasa tatu hubaki aya moja, mara nyingine sentensi moja.

Baada ya hapo mwandishi arudi kwenye daftari lake la uwandani, si kwenye insha. Insha iliteua yale tu yaliyoafiki nadharia. Daftari bado lina mengine. Katika mfano wetu, humo ndimo kulikuwa na jambo la thamani ambalo halikuwahi kuingia kwenye insha, na aya mpya ikajengwa juu yake:

"Wagonjwa walioketi karibu na mlango wa daktari hawakuuliza zamu imefika wapi; walioketi mbali ndio waliouliza. Wa karibu walikuwa wakisikiliza jinsi sauti ya muuguzi ilivyobadilika kila mlango ulipofungwa, na kwa sauti hiyo wakakadiria muda uliobaki. Goffman (1959) aliutazama mpaka wa jukwaa la mbele na la nyuma hasa kwa upande wa anayeigiza. Hapa mpaka huo unasikilizwa na hadhira, nayo inautumia kama saa."

Goffman bado yumo, ila sasa ana kazi. Na neno "muda" limeiunganisha sura na kitabu cha kusubiri bila mwandishi kutangaza kwamba anaiunganisha.

Kuhusu toni, kinachosumbua zaidi ni unyenyekevu wa mtahiniwa. "Nitajaribu kuonesha", "kwa uelewa wangu mdogo", "kama wasemavyo wataalamu" ni maneno ya mtu anayesubiri kusahihishwa. Yabadilishe kwa dai lenye mipaka iliyo wazi: nilichokiona ni katika chumba kimoja, saa za asubuhi, siku za kazi. Mpaka kama huo unamlinda mwandishi kuliko kujishusha. Wapo pia wanaokimbilia upande wa pili, wakaitia sura maneno mazito ili isikike ya kitaaluma. Hao hunipa kazi zaidi.

Angalia pia aya ile inayokuja karibu na mwisho, yenye kuanza na "Hata hivyo, nadharia hii ina udhaifu wake." Iliwekwa kwa sababu swali lilisema "jadili". Ikiwa udhaifu huo haubadilishi chochote katika usomaji wako wa data, futa. Ikiwa unabadilisha, upeleke pale data ilipoigomea nadharia.

Marejeleo ndiyo yenye mtego usioonekana. Slaidi za mhadhiri hazinukuliwi kwenye sura. Tafuta kazi asilia aliyoitumia, uisome mwenyewe. Na kama vyanzo vyako vilitoka kwenye mkusanyo wa nakala uliotolewa kwa kozi, hakiki kila namba ya ukurasa. Mikusanyo hiyo mara nyingi hupewa namba zake upya, kwa hiyo "uk. 47" ya mkusanyo si ukurasa wa 47 wa kitabu. Dalili yake ni rahisi kuiona: nukuu za waandishi watatu tofauti zina namba zinazofuatana vizuri mno.

Jambo la kuulizia mapema kabisa, kabla hujaandika hata aya moja, ni ruhusa. Kazi ya uwandani iliyofanywa kwa ajili ya kozi mara nyingi huruhusiwa kwa masharti mepesi, kwa kuwa haitoki nje ya darasa. Kuichapisha ni jambo jingine, hasa pale penye wagonjwa. Iulize kamati ya maadili ya chuo kilichotoa ruhusa, na kliniki yenyewe, kama matumizi hayo yanaruhusiwa. Jibu likiwa hapana, kubadilisha majina hakutoshi. Huenda ukalazimika kukusanya data upya au kujenga sura juu ya nyaraka zilizo wazi kwa umma. Vivyo hivyo kwa kazi ya kikundi: wenzako walioshiriki kukusanya au kuandika wana haki ya kuulizwa kuhusu uandishi wa pamoja.

Mwisho, mwambie mhariri kwamba sura ilianza kama insha ya kozi. Kwa kawaida insha ambayo haikuchapishwa haihesabiwi kuwa chapisho la awali, lakini vyuo vingi huhifadhi kazi za wanafunzi kwenye programu za kukagua ufanano, na sura yako ikikaguliwa huenda ikaonekana imenakiliwa kutoka kwako mwenyewe. Barua pepe ya sentensi mbili inamaliza suala hilo. Mhadhiri aliyekusomea rasimu mshukuru kwenye tanbihi ya kwanza, kwa jina lake na kwa alichokusaidia, bila kutaja kozi wala muhula.